Imeili ya kiofisi haijibiwi au inarudishwa? Kagua Kumb. Na., YAH na mwisho wake

Mimi nachapa barua za watu kwenye steshenari hapa Mwanjelwa, Mbeya, mwaka wa nane sasa, na siku hizi barua nyingi hazitiwi tena bahasha, zinaenda kwa imeili. Barua ya karatasi watu wanaijua, waliisoma shuleni, anwani mbili, tarehe, YAH, wako mtiifu, ila wakishika simu wanaiandika kama meseji ya WhatsApp halafu wanakuja kwangu baada ya wiki tatu wanasema hawajajibiwa. Matatizo wanayoniletea yanajirudia sana, kwa hiyo nimeyapanga hapa kwa dalili, tafuta ya kwako, anza na sababu ya kwanza maana ndo inayowakuta wengi, ukiona siyo hiyo shuka kwenye inayofuata.

Kabla ya yote ujue kitu kimoja kuhusu ofisi za serikali na nyingi za umma. Imeili yako ikifika haibaki kwenye imeili. Kuna mtu wa masijala anaifungua, mara nyingi anaiprinti, anaigonga muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, anaiandika kwenye rejista ya barua zinazoingia, anaipa namba ya folio, anaiweka ndani ya jalada, ndipo jalada linapelekwa kwa afisa anayeshughulikia. Hata ofisi zinazotumia mfumo wa kompyuta wa e-Office bado barua inaingizwa chini ya jalada fulani. Kwa hiyo unapopanga imeili yako usimfikirie bosi peke yake, mfikirie kwanza yule wa masijala aliyeshika karatasi yako anajiuliza hii naiweka faili gani.

DALILI YA 1: Umetuma, kimya. Ukipiga simu wanasema "hatuioni barua yako"

Sababu ya kwanza, na hii nimeiona kuliko zote, hukutaja Kumb. Na. ya barua unayoijibu. Ukaguzi wake ni wa dakika moja: chukua barua waliyokuandikia, angalia juu, kuna maneno "Unapojibu tafadhali taja" na chini yake kuna Kumb. Na. Sasa fungua imeili uliyotuma uitafute hiyo namba humo. Kama haipo umeshapata ugonjwa, usihangaike na kingine.

Hiyo namba watu wanaiona ni mapambo kumbe ndo anwani ya faili lako. Tuchukue mfano, namba nimeitunga tu, AB.45/210/02/17. Herufi za mwanzo zinaonyesha ofisi au kitengo, zinazofuata ni namba ya jalada la jambo lenyewe, hapo 02 ni juzuu kwa sababu faili likijaa wanafungua lingine la jambo lile lile, na 17 ya mwisho ni folio, yaani barua ile ni ya kumi na saba kuwekwa ndani ya hilo jalada. Mpangilio unatofautiana ofisi na ofisi lakini folio kwa kawaida inakaa mwisho. Ukiiacha, mtu wa masijala anabaki na jina lako tu, na jina lako kwenye majalada ya ofisi nzima halimsaidii chochote.

Sababu ya pili ni namba ipo ila imekosewa. Mtu amepiga picha barua, picha ina kivuli, anasoma 0 anaandika O, anasoma 1 anaandika I, au ule mkwaju wa / unageuka nukta. Wengine wanakosea wakidhani ndo adabu, wanaona barua ya ofisi ni 17 basi wao wanajibu wakiandika 18, eti wanaendeleza. Usifanye hivyo. Folio anaipanga masijala, na huenda 18 tayari ni barua ya mtu mwingine kabisa. We unanakili namba yao ilivyo, nukta kwa nukta, na unaongeza tarehe ya barua yao, maana tarehe inamwokoa msomaji pale namba ikikosewa herufi moja.

Sababu ya tatu, umeandika namba yako ukaiita yao. Kikundi au shule ikiwa na namba zake, kuwe na mistari miwili, "Kumb. Na. yako" kwa ajili ya jalada lao na "Kumb. Na. yetu" kwa ajili ya faili lenu. Kikundi kidogo hakihitaji mambo makubwa, herufi za jina, mwaka, na namba ya barua vinatosha, mfano KW/2025/03, na daftari moja la kuandika ipi ilienda wapi. Ila kama ni mtu binafsi unaandika kwa mara ya kwanza na hawajawahi kukuandikia, huna Kumb. ya kutaja, acha huo mstari kabisa. Kutunga namba inayofanana na ya serikali kunampeleka mtu wa masijala kutafuta jalada ambalo halipo. Mwisho wa barua omba kwa heshima kwamba watakapojibu wakutajie kumbukumbu namba, itakayofuata utaitumia hiyo.

Ya nne, imeenda kwa imeili ya mtu binafsi. Ulipewa na afisa uliyekutana naye, yeye yuko likizo au amehamishwa, barua imelala kwake. Tafuta ile ya ofisi iliyochapwa kwenye kichwa cha barua yao, tuma huko, huyo afisa muweke kwenye `Cc`.

Nikueleze kisa kimoja hapa. Kuna mama anauza ndizi hapa sokoni, aliandikiwa na ofisi moja tarehe 20 Februari atoe ufafanuzi kwa nini jina lake kwenye mkataba wa mauziano ya kiwanja linatofautiana na la kitambulisho, akapewa siku 14. Tarehe 24 akajibu kwa simu ya mwanae. Kwenye `Subject` waliandika "Naomba msaada", ndani wakaandika "Shikamoo bosi, mimi ni yule mama wa kiwanja, majina yote ni yangu lile la pili ni la ukoo". Maelezo yenyewe yalikuwa ya kweli na yalitosha kabisa, ila hakuna mtu angejua yaende jalada lipi. Tarehe 12 Machi akaja na barua ameikunja ndani ya kitenge, siku zimepita, machozi yanamlenga. Nikamwambia mama, kaa, jambo lako lina ushahidi, tulipange tu. Tukatuma hivi:

```
Jina lako kamili,
S.L.P. ......,
............
Simu: ............

12 Machi, 2025

Kumb. Na. yako: AB.45/210/02/17 ya tarehe 20 Februari, 2025

Afisa Ardhi,
Halmashauri ya ............,
S.L.P. ......,
............

YAH: UFAFANUZI WA TOFAUTI YA MAJINA, KIWANJA NA. ... KITALU ...

Tafadhali rejea barua yako yenye kumbukumbu namba
iliyotajwa hapo juu.

2. Nilijibu barua hiyo kwa imeili tarehe 24 Februari, 2025,
ndani ya siku 14 ulizonipa, ila sikutaja kumbukumbu namba.
Imeili hiyo naiambatisha.

3. Majina yote mawili ni yangu. Jina lililo kwenye mkataba
wa mauziano ni jina la ukoo. Naambatisha kiapo cha majina
na nakala ya kitambulisho.

4. Naomba ufafanuzi huu upokelewe na shauri langu liendelee.

Naomba kuwasilisha.

Wako mtiifu,

Jina lako kamili
```

Angalia aya ya pili, hiyo ndo iliyombeba. Haijifichi kwamba kulikuwa na kosa na wakati huo huo inaonyesha hakuchelewa. Kiapo alikwenda kuapa kwa wakili siku hiyo hiyo asubuhi, tukakiskani. Na aya kuanza namba kwenye ya pili siyo kosa la uchapaji, barua za serikali ndivyo zinavyoandikwa, aya ya kwanza haina namba, inayofuata inaanza na 2. Faida yake ni kwamba afisa akikujibu anasema "kuhusu aya ya 3 ya barua yako" na wote mnajua mnazungumzia nini. Siku mbili baadaye mama akapigiwa simu kwamba imeonekana na imewekwa jaladani.

Jambo la ziada ambalo watu hawalifanyi: Kumb. iwe pia kwenye `Subject`, sio ndani tu, kwa sababu mtu akitafuta kwenye imeili za ofisi anachapa hiyo namba. Mstari ukae hivi:

```
YAH: UFAFANUZI WA TOFAUTI YA MAJINA - Kumb. Na. AB.45/210/02/17
```

Jambo lianze, namba ifuate, maana kwenye simu mwisho wa mstari unakatwa na unataka kinachoonekana kiwe jambo. Faili la PDF nalo lipewe jina linaloeleweka, ila mkwaju haukubaliki kwenye jina la faili la Windows kwa hiyo weka vistari, AB-45-210-02-17.pdf, siyo "scan0001".

DALILI YA 2: Kwako imepangika vizuri, kwao imevurugika

Huyu anakuonyesha kwenye kompyuta, anwani yake ipo kulia safi kabisa, ukiifungua kwenye simu S.L.P. ipo mstari mmoja, namba yake mstari mwingine, MBEYA imeelea katikati.

Mara nyingi sababu ni nafasi. Umesukuma anwani kwenda kulia kwa kubonyeza kitufe cha nafasi mara arobaini, na kila kioo kina upana wake, kwa hiyo zinavunjika popote. Tiba yake ni kukubali kwamba kwenye imeili kila kitu kinakaa kushoto, kama mfano wa hapo juu: anwani yako, mstari mtupu, tarehe, mstari mtupu, Kumb., mstari mtupu, anwani yao. Najua mwalimu alisema anwani ya mwandishi inakaa kulia na alikuwa sahihi kwa karatasi. Ukitaka ya kulia na mistari iliyopigwa chini ya kichwa, iandike kwenye Word, ihifadhi kama PDF, iambatishe, na ndani ya imeili yenyewe uweke kichwa cha YAH, Kumb., na sentensi mbili za kusema barua imeambatishwa. Usitume imeili tupu yenye kiambatisho tu, wengine wanaogopa kuifungua na wana haki.

Sababu inayofuata ni kunakili kutoka Word ukabandika moja kwa moja, inakuja na maandishi yake, ukubwa wake, na nafasi zake. Bandika kwa `Ctrl+Shift+V`, inakuja maandishi matupu, kisha weka mistari mitupu mwenyewe. Kama umeshabandika, kwenye Gmail ya kompyuta chagua yote ubonyeze `Ctrl+\`, urembo wote unatoka.

Halafu kuna kitufe cha Tab. Kwenye Word kinasogeza maneno lakini kwenye Gmail ya kompyuta kinakurusha kwenye kitufe cha kutuma, ukigonga Enter hapo barua imeenda nusu. Kijana mmoja wa Iyunga ilimtokea hivi, barua ikaondoka ikiwa na anwani na tarehe tu. Ikikutokea kuna sekunde chache za kubonyeza `Undo`, na kwenye mipangilio unaweza kuziongeza mpaka 30, mimi nimeweka 30 kwenye kompyuta zote za dukani.

Kipimo cha mwisho cha dalili hii, jitumie mwenyewe kwanza, ifungue kwenye simu, ndipo uitume kwao.

DALILI YA 3: Wanajibu "hatujaelewa unachoomba"

Hapa tatizo liko kwenye kichwa. Kinachotokea sana ni kichwa cha neno moja, "YAH: OMBI" au "YAH: MALALAMIKO". Ombi la nini, malalamiko ya nani? Kichwa kizuri kina tendo, kitu, na alama ya kukitofautisha na vingine: kuomba marekebisho ya jina kwenye leseni ya biashara namba fulani, kuomba ukumbi wa kata tarehe fulani. Jipime hivi, msomee mtu asiyejua habari zako kichwa peke yake, akikuambia unataka nini basi kimetosha. Kikizidi mistari miwili kimekuwa aya, kipunguze.

Inayofuata ni kichwa cha `Subject` kusema jambo moja na YAH ya ndani kusema jingine. Hutokea ukitumia imeili ya zamani kama kiolezo, ndani umebadilisha, juu umesahau. Viseme jambo lile lile.

Nyingine ni kuingiza jambo jipya kwenye mazungumzo ya zamani kwa kubonyeza Reply kwa sababu anwani ipo tayari. Juu inaonekana "Re: YAH:" ya suala la mwaka jana na barua yako inazikwa huko. Kama unajibu jambo lile lile, Reply ni sawa na hiyo "Re:" iache ilivyo. Jambo jipya, imeili mpya, kichwa kipya. Na usichanganye mambo mawili kwenye barua moja, kiwanja kina jalada lake na leseni ina jalada lake, karatasi moja haiwezi kukaa sehemu mbili.

Kuhusu "Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu", watu wananiuliza sana. Imezoeleka na hakuna atakayekurudishia barua kwa ajili yake, ila mimi naandika "Tafadhali rejea mada tajwa hapo juu", na kama najibu barua nairejea barua yenyewe kama tulivyofanya kwa yule mama. Neno "husika" halimwambii msomaji afanye nini.

DALILI YA 4: Umeambiwa imeili yako haina adabu, au "ipite kwa mkuu wako"

Kwenye adabu kinachoponza watu ni salamu na mwisho. Shikamoo, Kamwene, habari za kazi bosi, hizi ni heshima za mdomo, ukiingia ofisini Iringa ukasema Kamwene utapokelewa vizuri, lakini barua inasomwa na watu wengi na inakaa faili miaka. Weka "Ndugu," au anza moja kwa moja na YAH kama barua nyingi za serikali zinavyofanya. Mkuu wa Mkoa, Mkuu wa Wilaya, mbunge, diwani au hakimu weka "Mheshimiwa,".

Mwisho una ngazi mbili na usizichanganye. Kwanza sentensi ya kufunga, "Naomba kuwasilisha" ukiwa unaomba au unajieleza, "Nakushukuru kwa ushirikiano wako" kama mlishaanza kushirikiana. "Natanguliza shukrani" inakubalika lakini kwa malalamiko inakaa vibaya. Halafu ndo kufunga kwenyewe, "Wako mtiifu," kisha jina kamili na cheo. Baadhi ya wazee bado wanaandika "Wako katika ujenzi wa taifa", siyo kosa ila kwa mtu anayeomba marekebisho ya jina naona "Wako mtiifu" inatosha. Emoji za mikono ya maombi, "asante sana bosi wangu", na ule mstari unaojiweka wenyewe wa "Sent from my..." vitoe. Ukiandika kwa niaba ya mwenyekiti, inakuwa "Kny: MWENYEKITI" na jina lako juu yake, lakini awe amekuruhusu.

Hilo la kupita kwa mkuu linawakuta watumishi. Mwalimu mmoja wa Makete aliomba ruhusa ya masomo, akaandika kwa Mkurugenzi, K.K. Mkuu wa Shule, yaani kupitia kwa mkuu wa shule, ila mkuu wa shule akamweka kwenye `Cc`, ikarudishwa. Kuweka mtu kwenye `Cc` ni kumpa nakala. Kupitia kwake ni kwamba anaipokea yeye kwanza, anaandika maoni yake, anasaini, ndipo inapanda. Alichofanya baadaye, aliiprinti, mkuu akaandika maoni na kugonga muhuri, ikaskaniwa, ikatumwa hiyo ndo kiambatisho. Wanaopewa nakala ya kweli waorodheshe chini kabisa baada ya jina, "Nakala:", na hao hao ndo uwaweke kwenye `Cc`, orodha mbili zifanane.

HAPA SIMAMA, usiendelee mwenyewe

Kama barua uliyopokea ina siku za mwisho na zimebaki mbili au tatu, acha kuhangaika na mpangilio wa imeili. Iprinti nakala mbili, peleka kwa miguu masijala, moja wabaki nayo, ya pili wakugongee muhuri wa kupokelewa wenye tarehe urudi nayo nyumbani. Imeili itume pia.

Kama inahusu mahakama, rufaa, au unataka kuishtaki serikali, hiyo siyo kazi ya mchapaji wala ya mtoto anayejua kompyuta. Kuishtaki serikali kunatanguliwa na notisi ya siku 90, na ikikosewa kesi yako inaweza kuanguka kabla haijasikilizwa. Nenda kwa wakili, na kama huna uwezo ulizia msaada wa kisheria kwenye halmashauri yako. Mimi watu wa namna hii nawarudisha hata wakiniongezea hela.

Kama mtu anakuambia umlipe ndo akupe Kumb. Na. au akutafutie jalada, usilipe, hiyo namba haiuzwi. Nenda masijala na barua yako mkononi uombe kuonana na msimamizi wake.

Na namba ya kitambulisho chako cha taifa isikae kwenye `Subject` hata siku moja, iweke ndani ya kiambatisho. Ukishaituma juu kule inasomeka kwenye kioo cha kila anayepita nyuma ya meza ya karani.